Kolaji ya picha tisa: prompti moja ya gridi nzima au fremu moja moja? Nimezijaribu zote kwa bango la dagaa

Mwezi wa saba alikuja mama mmoja wa Katonga pale steshenari kwetu Mwanga, Kigoma, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa, wanaenda Nane Nane Tabora na wanataka bango la kubandika bandani. Akaniambia, "Mwanangu, nataka picha tisa, kuanzia ziwani mpaka kwenye pakiti, ziwe saizi moja zote, zipangike kama madirisha, na rangi zifanane, isije moja ikawa ya njano nyingine ya bluu." Nikamwambia sawa mama, nipe siku tatu.

Hayo maneno yake matatu, saizi moja, zipangike, rangi zifanane, ndo kazi nzima ya kolaji ya gridi na ndo hapohapo watu wengi wanapokwama. Sasa hivi wengi tunatumia zile programu za akili mnemba za kutengeneza picha, unaandika prompti inakuletea picha, na kuna njia mbili. Ya kwanza unaandika prompti moja inayoomba kolaji nzima na fremu zake tisa kwa mpigo. Ya pili unaomba fremu moja moja, au unachukua picha zako halisi, alafu gridi unaipanga mwenyewe kwenye kompyuta. Nimezipitia zote mbili kwa hii kazi moja kwa hiyo naweza kusema ipi inafaa wapi.

Nianze na ya prompti moja. Jaribio langu la kwanza niliandika kivivu, "kolaji nzuri ya picha tisa za dagaa, rangi nzuri", nikaletewa kitu kama ukurasa wa albamu ya harusi, picha nyingine kubwa, nyingine ndogo zimeegeshwa upande, moja imezungushiwa duara. Na programu haikukosea hapo, neno kolaji lenyewe kwa watu wengi maana yake ni picha zilizorundikana, kwa hiyo usipotaja gridi utapewa mrundikano. Nikaandika upya hivi:

```
Gridi ya 3x3, picha ya mraba, fremu tisa za mraba zenye ukubwa sawa kabisa.
Nafasi nyembamba nyeupe kati ya fremu zote, upana mmoja wima na mlalo,
na ukingo wa nje una upana huohuo. Pembe kali, hakuna fremu iliyopinda
wala kupandana. Hakuna maandishi.
Rangi moja kwa fremu zote: vivuli vya kahawia iliyofifia, sehemu nyeupe
ziwe krimu, bluu ya ziwa imepoa, hakuna rangi inayowaka.
Fremu ya 1: mitumbwi usiku na taa. Fremu ya 2: ...
```

Angalia hapo kwenye rangi. Sikuandika "rangi za kuvutia" wala "mwonekano wa sinema", nimesema vivuli viweje, weupe uweje, na ile rangi inayotawala, ambayo kwetu huku ni bluu ya ziwa, iweje. Ukishataja hivyo vitatu umeibana programu, maana picha inaonekana ya njano au ya bluu kutokana na vilevile vitatu. Ukiandika tu "rangi zifanane" hujasema zifanane na nini.

Matokeo ya prompti hii yalikuwa mazuri kweli kwa upande wa rangi, na hapo ndo prompti moja inashinda bila ubishi. Fremu zote tisa zinatoka kwenye mchoro mmoja, kwa hiyo mwanga na vivuli vinakuwa vya familia moja bila wewe kuhangaika. Nilimwonesha yule mama kwenye simu akasema hii hii, rangi ndo hii.

Shida ikaanza nilipokuza. Kwa macho ya juujuu gridi imenyooka ila ukipima gepu la kati ya safu ya kwanza na ya pili ni nene kuliko la chini yake, na ile fremu ya katikati imezidi jirani zake kidogo. Hata ukiandika kwenye prompti "gepu liwe pikseli 40" haisaidii, hizi programu hazipimi kwa rula, zinachora kitu kinachofanana na gridi. Namba pekee niliyoona inaheshimiwa ni ya idadi, 2x2 na 3x3 zinatoka vizuri mara nyingi, ukienda 4x5 utaanza kuhesabu na kukuta safu imeongezeka au fremu mbili zimeungana. Usipime kwa jicho, kuna njia rahisi kama una ImageMagick kwenye kompyuta, ni ya bure:

```
magick kolaji.png -crop 3x3@ +repage kipande%d.png
```

Hiyo inakata picha yako vipande tisa vinavyolingana. Gridi ikiwa sawa kweli, hakuna kipande kitakachobeba picha ya jirani, kipande cha katikati kitakuwa na weupe sawa kila upande, na vipande vya kulia vitafanana na vya kushoto kama kwenye kioo, vya juu na vya chini vivyo hivyo. Kwangu mimi kipande cha katikati kulia kilikuwa na weupe mnene upande mmoja, na upande wa pili kimekula kidogo mkono wa mtu wa fremu ya jirani. Basi ukishaona hivyo usibishane na prompti, omba tena au hamia njia ya pili.

Kitu cha pili ni fremu kuambukizana. Nilisema fremu ya kwanza usiku na taa, fremu ya nne dagaa wanaanikwa juani kwenye mchanga, nikakuta taa zinawaka mpaka kwenye fremu ya mchanga mchana kweupe, na mwanamke yuleyule mmoja amewekwa kwenye fremu sita. Maelezo ya fremu tisa kwenye prompti moja yanachanganyika, kadiri unavyoelezea kwa kirefu ndo yanavyovuja zaidi, kwa hiyo kwa njia hii kila fremu ipe maneno matano sita tu. Na dagaa wenyewe walikuja wakubwa kama sato! Dagaa wetu wa Tanganyika ni wembamba wanameta fedha, inabidi useme "samaki wadogo urefu wa kidole" ndo wanakaribia. Hata mitumbwi ilikuja ya namna nyingine kabisa, kipe chetu ni boti mbili zimefungwa pamoja kwa miti na wavu unashushwa kati yake, hiyo sikuipata hata mara moja kwenye gridi nzima kwa sababu haina nafasi ya kuelezewa.

Alafu ukitaka kubadilisha fremu moja tu, mfano ile ya tano, unaomba irekebishwe na zile nane zinabadilikabadilika nazo, gepu limesogea, sura zimegeuka, unajikuta umepoteza fremu ulizokuwa umezipenda. Nimelala saa saba usiku siku hiyo kwa sababu ya fremu ya tano.

Na la mwisho kwa njia hii ambalo ndo lilinitoa kabisa ni saizi. Programu niliyotumia inatoa picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Gawa kwa tatu, toa gepu, kila fremu inabaki na pikseli kama 320 hivi. Ukiprinti kwa ubora wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi hiyo fremu ni sentimita 2.7, kama picha ya kitambulisho, na kolaji nzima haifiki sentimita 9. Ukiivuta mpaka ienee upana wa A3 unabaki na nukta kama 88 kwa inchi, mtu akisogea bandani anaona nyuso zimeyeyuka. Kwa stetasi ya wasapu haina neno kabisa, hakuna atakayegundua, ila kwa bango la karatasi ni hapana.

Sasa njia ya pili, fremu moja moja. Hapa prompti inabeba picha moja tu, na ile aya ya rangi unaikopi vilevile bila kubadili hata neno kwenye kila prompti. Pia uwe na sentensi moja ya umbali na mwanga, mfano "imepigwa kutoka hatua tatu, urefu wa kiuno, jua la jioni kutoka kushoto", nayo irudie kila mahali panapowezekana. Watu wanasahau hii, wanahangaika na rangi tu, alafu wanashangaa gridi bado haitulii, kumbe fremu moja ni uso mkubwa umejaa, inayofuata watu wadogo kule mbali, na jua linatoka kila upande. Ukubwa wa vitu ndani ya fremu na upande wa mwanga ni sehemu ya kufanana sawasawa na rangi.

Ila hapa niseme kuhusu picha halisi. Kikundi kilikuwa na picha tano walizopiga kwa simu zao, akina mama wenyewe wanaanika, wanapepeta, wanafunga pakiti. Nilijaribu kuzipakia kwenye programu ili izipange kwenye gridi na kuzipa rangi moja, ikazichora upya. Mama mwenyekiti akatoka na uso wa mtu mwingine anayefanana naye, na kanga yake yenye maandishi, yale maandishi yakageuka herufi ambazo hazisomeki lugha yoyote. Alipoiona akanyamaza kwanza, alafu akasema, "Huyu sio mimi." Nikaifuta palepale. Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja, sura ya mtu halisi haipiti kwenye prompti, inaenda moja kwa moja kwenye gridi kama ilivyopigwa. Zile nne zilizokuwa hazipo, kama mitumbwi usiku, ndo nikazitengeneza kwa prompti na chini ya bango tukaandika kuwa hizo ni michoro.

Kwa hiyo nikawa na faili tisa, tano za simu tofauti na nne za programu. Kwanza kukropu zote ziwe mraba wa pikseli 1000. Hii amri inaandika juu ya faili la mwanzo kwa hiyo kopi folda kwanza, usiniambie sikukwambia:

```
magick mogrify -auto-orient -resize "1000x1000^" -gravity center -extent 1000x1000 *.jpg
```

Hiyo `-auto-orient` ni kwa ajili ya picha za simu, bila hiyo nyingine zinalala ubavu. Na kale kaalama `^` kanafanya picha ijae fremu yote alafu inayozidi inakatwa pembeni, ukikasahau picha ndefu zitaachiwa weupe ubavuni na fremu zitaonekana hazilingani japo kwa hesabu zinalingana. Kama kichwa cha mtu kiko juu sana katikati patakata paji la uso, hiyo picha ikropu kwa mkono kwanza.

Kwenye rangi ndo kazi yenyewe ilipo, na mpangilio wake ni lazima uufuate, kwanza zisawazishe alafu ndo uzivalishe. Wengi wanachukua filta moja wanaipiga kwenye picha zote tisa wakitegemea zitafanana, hazifanani, maana filta moja juu ya picha ya njano inatoa njano yenye filta, na juu ya picha ya bluu inatoa bluu yenye filta. Kwetu ilikuwepo ndoo nyeupe ya plastiki karibu kwenye kila picha. Kwenye picha ya kivulini chini ya turubai ndoo ilikuwa ya bluu, kwenye picha ya ndani stoo chini ya balbu ilikuwa rangi ya siagi, na kwenye picha ya juani ilikuwa nyeupe mpaka imeungua. Nikaifungua kila moja kwenye programu ya simu ya Snapseed, sehemu ya White Balance, nikasogeza mpaka ndoo ikawa nyeupe ya kawaida, na mwanga nikaupunguza kwenye ile ya juani. Ukiwa huna ndoo tafuta kitu chochote cheupe au cha kijivu kinachojirudia, mchanga mkavu wa Katonga nao unafaa. Hatua hii kwa picha tisa ilinichukua kama saa moja.

Baada ya hapo ndo unazivalisha rangi ya pamoja, na hapa amri ni moja kwa zote, unabadili namba tu kuanzia f1 na r1 mpaka f9 na r9:

```
magick f1.jpg -modulate 100,80 -fill "#d9b382" -colorize 10 r1.png
```

Ile 80 inapunguza ukali wa rangi mpaka asilimia 80, kwa hiyo lile beseni jekundu linaacha kupiga kelele. Alafu inamwagwa rangi ya mchanga asilimia 10 juu ya picha nzima, nyeusi inakuwa kahawia nzito na nyeupe inakuwa krimu kidogo. Picha zote zikiwa na nyeusi moja na nyeupe moja jicho linazikubali kuwa ni ndugu hata kama zimepigwa na simu tofauti. Ukizidisha 10 ikawa 25 kila kitu kinaonekana kama vumbi limetanda, mimi nilijaribu 15 nikarudi. Kama huna kompyuta, Snapseed inakuruhusu kuhifadhi marekebisho yako kama Look alafu unaipiga kwenye picha inayofuata, wazo ni lilelile.

Kupanga sasa:

```
magick montage r1.png r2.png r3.png r4.png r5.png r6.png r7.png r8.png r9.png -tile 3x3 -geometry 1000x1000+20+20 -background white kolaji.png
magick kolaji.png -bordercolor white -border 20 bango.png
```

Mstari wa pili upo kwa sababu hii, `+20+20` inaweka pikseli 20 kuzunguka kila fremu, kwa hiyo fremu mbili zikikaa pamoja gepu la kati linakuwa 40 ila ukingo wa nje unabaki 20 tu. Bango langu la kwanza nililiprinti hivyo hivyo bila mstari wa pili na lilionekana limekatwa vibaya pembeni, nikadhani ni mashine ya kuprinti, kumbe hesabu. Ukiongeza ukingo wa 20 nje inakuwa 40 kila mahali. Jumla inatoka fremu tatu za 1000 na mapengo manne ya 40, yaani 3160, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 26.75, na A3 ina upana wa sentimita 29.7, kwa hiyo inaingia na inabaki nafasi ya jina la kikundi na namba ya simu chini. Upana wa gepu usiuchukulie poa pia, pikseli 40 kwa fremu ya 1000 ni kama milimita 3.4 kwenye karatasi, inatosha. Nilijaribu 100 na picha zikaanza kuonekana kila moja kivyake, na 10 kwa mbali zinaungana, hasa fremu mbili zenye ziwa zikikaa jirani.

Halafu mpangilio, nani akae wapi. Ile ya usiku ni nyeusi sana kuliko zote na hata ukiivalisha itabaki nzito, nilipoiweka fremu ya kwanza juu kushoto kama hatua zinavyotaka, bango likawa linaegemea kule. Kwa hiyo chini kulia, hatua ya tisa, nikachagua picha ya pakiti juu ya meza nyeusi badala ya ile ya meza nyeupe, likatulia. Kwa prompti moja huu uamuzi huupati, unapokea ulichopewa.

Kwa hiyo nani achukue ipi. Kama unataka kitu cha simu tu, stetasi au posti, hakuna sura ya mtu anayejulikana, fremu ni nne au tisa, na unaitaka leo, chukua prompti moja, andika gridi, gepu, ukingo na yale mambo matatu ya rangi, omba mara tatu nne uchague iliyonyooka, utatumia dakika chache na rangi itakuwa nzuri kuliko utakayoipata kwa mkono. Kama inaenda kwenye karatasi, au kuna watu halisi ndani, au fremu zinazidi tisa, au unajua mteja atarudi kusema nibadilishie hii moja, nenda fremu moja moja hata kama itakula jioni yako nzima. Na ukiwa na nafasi ya kufanya zote, anza na prompti moja kama sampuli ya kumwonesha mteja rangi kabla hujagusa picha zake. Ile krimu na kahawia nilizovalisha bango niliziiga kwenye kolaji ya kwanza aliyoipenda mama kwenye simu, nilichukua rangi ya kivuli na ya weupe kutoka pale nikazitafutia asilimia zake.

Hali moja tu siitumii hii ya pili, pale mteja anapoleta picha zilizopita wasapu mara kumi zimebaki na pikseli 400. Ukiivuta mpaka 1000 itakuwa na ukungu katikati ya jirani zake zilizo safi na hakuna rangi itakayoificha. Hapo mwambie apige tena, au fremu zote zishushe ziwe 600 na bango liwe A4. Mama yangu wa Katonga alikuwa na mbili za hivyo, akampigia binti yake, kesho yake asubuhi nikatumiwa mpya kama faili, zikiwa kamili, zimepigwa palepale mchangani, ndoo nyeupe ikiwemo.